Mzigo umepotelea posta? Jinsi ya kudai, kuanzia risiti mpaka hela

Hii ni kwa wale wanaotuma au kupokea mizigo ya nje kupitia posta, Tanzania hasa, ila sheria nyingi humu ni za Umoja wa Posta Duniani (UPU) kwahiyo hata ukiwa Mombasa, Kampala au Muscat karibu kila kitu kinafanana. Mambo ya EMS, ile posta ya haraka, nayaacha pembeni kwa sababu ile ina mkataba wake na masharti yake yako nyuma ya fomu unayosaini, ukitumia EMS soma pale. Hapa tunaongelea rejista na vifurushi vya kawaida.

Kitu cha kwanza ambacho watu wengi hawakijui, na ndo kinachofanya madai mengi yaishie hewani: mzigo ukipotea kabisa, mwenye haki ya kulipwa ni aliyetuma, sio aliyekuwa anausubiri. Wewe uko Tabora unasubiri mzigo kutoka kwa shangazi yako Ujerumani, utapiga kelele kaunta ya Tabora mpaka jioni na utajibiwa vizuri tu, lakini hela ikitoka ni ya shangazi, labda yeye aandike kwamba anakuachia wewe haki yake, na hilo linaruhusiwa. Anayepokea anakuwa na haki yake mwenyewe pale tu mzigo umefika ila umefunguliwa au umevunjika na yeye ndo ameshaukabidhiwa.

Kuuliza ni kitu kingine. Kuuliza mzigo uko wapi kunaweza kufanywa posta ya upande wowote, na posta inatakiwa ipokee ulizo hata kama mzigo haukutumwa kwake. Kwahiyo shangazi aulize kule na wewe uliza huku, ila risiti anayo shangazi na bila risiti hamwendi mbali.

Kabla ya yote, soma namba yako

Kila mzigo wa kimataifa unaofuatiliwa una namba ya herufi na tarakimu 13: herufi mbili, tarakimu tisa, halafu herufi mbili za nchi ulikotoka. Zile herufi mbili za mwanzo ndo zinakwambia kama una haki au huna. Ikianza na R, mfano RR, hiyo ni rejista. Ikianza na C, mfano CP, hicho ni kifurushi. E ni EMS. Ikianza na U, kama UA au UM, hiyo ni barua au pakiti ya kawaida ambayo namba yake ipo kwa ajili ya forodha tu, haifuatiliwi na posta haibebi dhamana yoyote ikipotea. Vitu vingi vya bei chee mnavyoagiza mtandaoni vinakuja na U, na mtu anakuja posta na namba yake anadai fidia, haipo hiyo, huyo arudi kwa muuzaji akadai kule kule aliponunulia na awahi kabla muda wa kulalamika wa lile duka haujaisha. Zinazoanza na L zinafuatiliwa, lakini kufuatiliwa sio dhamana, usichanganye na rejista.

Sasa hapa kuna kaujanja kadogo. Risiti za posta nyingi ni nakala ya kaboni au karatasi iliyofifia, na 1 inafanana na 7, 3 inafanana na 8, unaingiza namba mtandaoni inakwambia haipo unaanza kuwatukana watu bure. Tarakimu ya tisa kwenye namba ni ya kuhakiki zile nane za mwanzo. Chukua zile nane, zidisha moja moja kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7, jumlisha, gawanya kwa 11 uchukue baki, halafu 11 toa hilo baki. Jibu likiwa 10 andika 0, likiwa 11 andika 5. Mfano:

```
RR123456785TZ
8+12+12+8+15+30+63+56 = 204
204 = 11 x 18 + 6
11 - 6 = 5
```

Imetoka 5 na tarakimu ya tisa ni 5, namba iko sawa. Isipotoka, umesoma vibaya au mtu amekupa namba ya kubuni, na hii ya pili siku hizi ipo sana kwa wanaodai wamekutumia zawadi kutoka Ulaya ila ulipie kwanza "ushuru" kwa namba ya simu.

Siku ya kutuma

Madai yanashindwa au kufanikiwa siku hii. Ukitoka kaunta unatakiwa uwe na karatasi mbili tofauti: ile ya kupostia, yenye namba ya mzigo, muhuri wa tarehe, uzito na jina la unayemtumia, na ile risiti ya mashine ya EFD inayoonyesha hela uliyolipa. Ya EFD inafutika yenyewe ndani ya miezi michache hasa ukiiweka kwenye pochi au kwenye dashibodi ya gari, kwahiyo zipige picha zote mbili pale pale kabla hujaondoka. Angalia muhuri unasomeka, angalia uzito umeandikwa. Kama muhuri ni kivuli tu mwambie, samahani dada naomba unigongee tena, hakuna atakayekukasirikia na akikasirika shauri yake.

Uzito ni wa muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kilo zilizoandikwa siku ya kutuma zikilinganishwa na kilo zilizokutwa upande wa pili ndo ushahidi mkubwa kwamba mzigo ulifunguliwa njiani. Mzigo uliotoka na kilo 6 ukafika na kilo 4, hapo huna haja ya kubishana na mtu.

Halafu fomu ya forodha. Pakiti ndogo ya thamani ya chini inabandikwa CN22, ikiwa na thamani zaidi ya DTS 300 inakuwa CN23, na vifurushi vinatumia CN23. DTS ni hela ya hesabu ya IMF, Haki Maalum za Kutoa wanaita, miaka ya karibuni moja imekuwa ikicheza kwenye dola 1.3 hadi 1.4. Najua mtakachonijibu: tunaandika thamani ndogo ili mpokeaji asitozwe ushuru mkubwa. Sawa, ila ukiandika dola 5 kwenye fomu na baadaye unadai dola 90, karatasi ya kwanza watakayoitoa kwenye faili ni hiyo uliyosaini mwenyewe. Andika vitu kimoja kimoja, kanga pea 4, viatu pea 1, kahawa kilo 1, na bei ya kila kimoja. "Zawadi" peke yake haimsaidii mtu yeyote. Na risiti za dukani ulikonunua zitunze, kama umenunua Kariakoo kwa machinga asiye na risiti basi piga picha vitu vyenyewe kabla hujafunga boksi, na boksi lenyewe pia kwa nje, utaona baadaye kwa nini.

Hela taslimu, dhahabu na vito usiweke kabisa kwenye mzigo usio na bima. Na vitu vilivyokatazwa, ukipoteza umepoteza, posta haiwajibiki kwa kitu ambacho hakikutakiwa kuwemo.

Umekwama wapi?

Ingia `globaltracktrace.ptc.post`, ni ya UPU wenyewe, au tovuti ya posta ya nchi unakoenda ambayo mara nyingi inakuwa na taarifa zaidi ya yetu. Mistari unayotakiwa kuitafuta ni hii:

```
Departure from outward office of exchange
Arrival at inward office of exchange
```

Wa kwanza maana yake mzigo umefungwa kwenye fuko na umekabidhiwa kuondoka nchini. Wa pili maana yake nchi ya pili imelipokea fuko na kusoma mzigo wako. Haimaanishi ndege imeruka siku hiyo hiyo, fuko linaweza kukaa eapoti siku kadhaa likisubiri nafasi, kwahiyo wiki moja au mbili kati ya mistari hii miwili sio msiba. Zikipita wiki nne bila mstari wa pili, mimi ningeanza kuandika.

Kama mstari wa kwanza haujatokea kabisa, mzigo bado uko kwetu au umepotelea kwetu na posta yetu ndo ya kubanwa. Kama wa pili umeshaonekana halafu kimya, mara nyingi uko forodha au kuna kikaratasi cha kuitwa kimewekwa kwenye sanduku la mtu asiyelifungua. Usicheke, hii inatokea kwa mizigo "iliyopotea" huku kwetu, mtu anatumia sanduku la ofisi ya zamani au la shule aliyosoma, kikaratasi kinakaa humo, muda wa kutunza unaisha, mzigo unarudi ulikotoka. Kwahiyo mpokeaji aende kwanza na kitambulisho na namba, aombe waangalie kwenye daftari la rejista au la vifurushi, kwa jina na kwa namba ya sanduku, maana majina yanaandikwa kwa herufi za ajabu wakati mwingine. Hela haidaiwi kwa mzigo ulioshikwa na forodha kwa mujibu wa sheria za nchi hiyo, hilo nalo lijue mapema.

Fomu ya CN08

Hii ndo fomu yenyewe. Ukifika kaunta usiseme "mzigo wangu umepotea nifanyeje", sema "naomba kujaza CN08", fomu ya ulizo la kimataifa. Ukisema jina la fomu mazungumzo yanabadilika. Kama wa kaunta haijui, omba kuonana na meneja wa ofisi au kitengo cha huduma kwa wateja, kwenye mikoa mara nyingi fomu inakuwa ndani sio mbele.

Muda: una miezi sita tu, inahesabiwa kuanzia siku inayofuata ile uliyotuma. Umetuma tarehe 10 Februari, hesabu inaanza 11 Februari, mwisho wako ni 10 Agosti. Ikishapita hapo posta imeshatoka kwenye dhamana na hakuna kubembeleza. Kuna mchezo ambao sisemi ni wa makusudi, unaambiwa "subiri subiri utafika", mwezi wa tatu subiri, mwezi wa tano subiri, wa saba unaambiwa umechelewa. Jaza fomu hata kama bado una matumaini, haimzuii mzigo kufika. Na ni bure. Ulizo halilipiwi, isipokuwa wewe mwenyewe ukitaka lipelekwe kwa EMS.

Fomu itakuuliza sababu (haujafika, vitu vimepungua, umeharibika), namba, tarehe na ofisi ulikopostia, uzito, ada uliyolipa, anwani zote mbili, vilivyomo na thamani yake. Itakuuliza pia mzigo kwa nje ulikuwaje, boksi au bahasha, rangi gani, umefungwa kwa nini. Watu wanaparuka hapa, na ndo pa maana kuliko unavyofikiria, kwa sababu mzigo uliobanduka lebo unakaa kwenye chumba cha vitu visivyo na mwenyewe, na mtu wa kule ana fomu yako tu mkononi. "Boksi la kahawia" haliko peke yake duniani. "Boksi la sabuni, limegeuzwa ndani nje, gundi ya rangi ya njano, limefungwa kamba ya katani mara mbili" hilo litapatikana. Ile picha ya boksi uliyopiga bandika hapa. Kuna sehemu pia ya kusema mzigo ukipatikana uende kwa nani na fidia alipwe nani, usiiache wazi.

Ambatisha fotokopi za risiti zote, za fomu ya forodha na za dukani. Fotokopi jamani, sio za asili. Za asili waonyeshe wazione uondoke nazo. Na usitoke bila nakala yako ya CN08 iliyogongwa muhuri wa tarehe, hiyo ndo inayothibitisha uliuliza ndani ya miezi sita.

Baada ya hapo ulizo linafuata njia ya mzigo. Rejista inaingizwa kwenye orodha maalum inayosafiri na fuko, posta moja ikimkabidhi mwenzake, na kanuni iko hivi: anayewajibika ni yule aliyepokea mzigo bila kulalamika na hawezi kuonyesha ameufikisha au amemkabidhi nani. Kwahiyo wanaulizana kwa kurudi nyuma mpaka mnyororo unapokatika. Ndo maana inachukua muda na ndo maana kumfokea binti wa kaunta hakuharakishi kitu.

Utalipwa kiasi gani

Hapa nataka twende taratibu kwa mfano maana wengi wanategemea thamani ya mzigo wote.

Kiwango cha juu cha rejista iliyopotea ni DTS 30, haijalishi uzito. Cha kifurushi ni DTS 40 kwa kifurushi, jumlisha DTS 4.50 kwa kila kilo. Hicho ni cha juu, kama thamani halisi iko chini ya hapo unalipwa thamani halisi. Mzigo ukipotea wote unarudishiwa na nauli ya posta uliyolipa, ila ada ya rejista yenyewe hairudi.

Tuseme uko Dar umemtumia mdogo wako Muscat kifurushi cha kilo 6, ndani kuna vitu vya shilingi 310,000. Kiwango chako ni 40 + (6 × 4.50) = DTS 67. Tuchukue DTS moja ni dola 1.35 na dola ni shilingi 2,500 ili tupate picha tu, siku yako utatumia ya siku hiyo. Inakuja dola 90.45, kama shilingi 226,000. Ile 84,000 inayobaki imeenda. Vitu vingekuwa vya 150,000, ungelipwa 150,000 na nauli. Mzigo ukifika umechomolewa kanga tu, unalipwa thamani ya hizo kanga, sio mzigo mzima.

Sasa angalia hii. Mzigo ule ule ukiugawa vifurushi viwili vya kilo 3, kila kimoja kina 40 + 13.50 = DTS 53.50, jumla 107, kama shilingi 361,000, na sasa 310,000 zako zote zimefunikwa. Nauli itapanda, kwahiyo piga hesabu kwanza, ila kwa vitu vya bei mimi napenda hivi, na vyote viwili kupotea kwa pamoja sio rahisi.

Na kama ni vyeti vya shule au nyaraka za nyumba, elewa kwamba hasara za pembeni hazilipwi. Umekosa nafasi ya chuo kwa sababu cheti kilichelewa au kilipotea, posta haikulipi chuo, kiwango ni kile kile cha DTS 30. Usitume cha asili kama nakala iliyothibitishwa na wakili inakubalika kule.

Mzigo umefika umefunguliwa

Ukiona boksi limekatwa na kubandikwa gundi nyingine, usisaini kwanza. Omba upimwe kwenye mizani mbele yako, ufunguliwe mbele yako, na waandike ripoti, CN24 ndo yenyewe. Ukishasaini ukabeba ukaenda nao nyumbani, dhamana ya posta kwa kawaida imeisha, labda urudi haraka sana na uweze kuonyesha kwamba haikutokea mikononi mwako, na hiyo ni kazi ngumu. Boksi na vifungashio usitupe mpaka mambo yaishe.

Kimya kikizidi

CN08 ni ulizo, kwahiyo majibu yakichelewa peleka na barua ya kudai hela. Fupi tu:

*Kumb: Madai ya fidia, kifurushi namba (andika), kilichopostiwa (ofisi, tarehe), uzito (kilo). Niliwasilisha ulizo la CN08 tarehe (andika), nakala imeambatishwa. Mpaka leo sijapata uthibitisho kwamba mzigo ulikabidhiwa kwa mlengwa. Naomba nilipwe fidia ya (kiasi) pamoja na nauli ya posta (kiasi) kwa mujibu wa Mkataba wa Posta wa Dunia. Naomba majibu kwa maandishi.*

Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea urudi nayo. Neno la kubana ni lile "uthibitisho kwamba ulikabidhiwa", maana wakikuambia "umeshafika" unaomba saini ya aliyepokea, na kama saini sio ya mlengwa wala mtu wake unasema hivyo hivyo kwa maandishi.

Wakisema posta ya nchi nyingine ndo yenye kosa na wao wanasubiri, mkataba una jibu: posta ile ikishajulishwa rasmi na ikakaa miezi miwili bila kumaliza suala, posta yako inaweza kukulipa kwa niaba yake halafu wadaiane wenyewe. Wakumbushe kifungu hicho kwenye barua ya pili.

Ikishindikana kabisa nenda TCRA, ndo msimamizi wa huduma za posta pia sio simu tu, wakenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Watakachokuuliza kwanza ni kama ulishalalamika kwa posta yenyewe, na hapo unatoa CN08 na barua zako zenye mihuri. Baraza la watumiaji la TCRA-CCC nalo linasaidia kama hujui uandikeje.

Ukilipwa halafu mzigo ukaonekana, inatokea, utaitwa na utakuwa na miezi mitatu ya kuamua: urudishe hela uchukue mzigo, au ubaki na hela mzigo uwe wao. Kama ulikuwa wa kahawa na viatu vya mtoto ambaye mguu umeshakua, jibu unalo.